Naomba ushauri: fomu ya moyo kusimama, mzee aielewe sawasawa

Assalaam aleikum. Natafsiri fomu ya maagizo ya matibabu ya mzee wa Likoni, miaka 82, mgonjwa wa moyo. Tafsiri ya kwanza iliandika "mgonjwa asifufuliwe". Mzee akauliza, "Kwani kuna afufuaye ila Mungu?" Mwanawe naye akaelewa kwamba baba ataachwa bila dawa.

Nimeandika upya: "Moyo wangu ukisimama na pumzi ikikatika, wasinikandamize kifua, wasinipige shoti ya umeme wala wasinitie mpira wa kupumulia, niachwe nifariki. Kabla ya hapo niendelee kupewa dawa, oksijeni na tiba ya maumivu. Naweza kubadili uamuzi huu wakati wowote."

Nilimwomba anieleze kwa maneno yake. La kifua alilipata barabara, ila akadhani mpira hatatiwa hata akishikwa na homa ya mapafu, moyo ungali unapiga. Huo ni uamuzi mwingine, na daktari lazima amuulize kando na huu wa moyo kusimama.

Mngeutenganishaje kwenye karatasi? Na nitaje kwamba kukandamizwa kifua huweza kuvunja mbavu, au hapo nitakuwa namsukuma achague upande mmoja?