Saluni inaniandikia "tumefunga" saa tisa alasiri huku dreya zinanguruma

Mwenye uzi: Ndugu wanajukwaa, nimechoka kujibiwa na simu. Alhamisi saa tano asubuhi niliiandikia saluni moja yenye wateja wengi, kwenye akaunti yao ya WhatsApp Business, nikaomba nafasi ya kusuka Jumamosi saa nne asubuhi, na papo hapo nikajibiwa: "Karibu mpendwa, tumepokea booking yako, tunakusubiri." Ijumaa saa tisa alasiri nilipouliza bei ya rasta nikaambiwa wamefunga, ilhali nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara nazisikia dreya zao. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nikaandika tena ili nihakikishe, na safari hiyo haikuja hata "tumefunga". Nilipofika, jina langu halikuwamo daftarini na wateja wanne walikuwa mbele yangu.

Kitana: Dada, njoo kwetu, tunasuka hata Jumapili.

Mwenye uzi: Sikuomba kuelekezwa saluni.

Bando la Wiki: Simu yao ilikuwa nje ya mtandao. Bila intaneti, jibu la kutokuwepo halitumwi.

Mwenye uzi: Hilo huenda likaeleza ukimya wa alfajiri, lakini "tumefunga" ya saa tisa ilitumwaje?

Fundi Simu: Fungua wasifu wao utazame saa za kazi. Nashuku kwamba aliyeziweka alihesabu saa za Kiswahili, akaandika 2:00 AM hadi 2:00 PM akimaanisha saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kisha kwenye "Away message" akachagua "Outside of business hours". Kwa programu hiyo, saluni hufunguliwa saa nane usiku na kufungwa saa nane mchana. Ndiyo maana alasiri uliambiwa wamefunga, na alfajiri ukahesabiwa kuwa umeandika wakati wa kazi. Waweke 8:00 AM hadi 8:00 PM. Ile "karibu" ni salamu tu, nayo humwendea anayeandika kwa mara ya kwanza au aliyekaa kimya siku 14. Haijui umeomba nini, kwa hiyo kuiandikia "tumepokea booking" ni kosa lao.

Msusi: Mimi mikono huwa kichwani mwa mteja kutwa nzima, siwezi kushika simu. Salamu yangu husema: "Nafasi haijathibitishwa hadi tukuandikie jina lako na saa." Hata hivyo, wateja wangu wa kila wiki hawaioni kamwe, na ndio hao wanaokuja bila miadi.

Fundi Simu: Basi sentensi hiyo iweke pia kwenye jibu la kutokuwepo.

Msusi: Nao wakiandika saa nne asubuhi, saluni ikiwa wazi?

Mwenye uzi: Nimetazama wasifu, ni 2:00 AM kweli. Nimempelekea mwenye saluni picha ya skrini saa kumi hii, na nimejibiwa kwamba wamefunga.