Yule wa pikipiki nyekundu pale Kibuye: 150 imegeukaje 300 langoni kwangu?

mama_gorogoro: Nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua. Mnamjua. Yule anayeegesha Kibuye upande wa vitunguu, mwenye redio inayosikika hadi Uganda. Nimetoka sokoni na gunia la omena, tukasikizana waziwazi: Mamboleo, mia na hamsini, pamoja na mzigo. Akasema, "Panda mama." Nikapanda.

Kufika langoni nikampa noti ya mia tano. Akanirudishia mia mbili. Nikamwuliza, kijana, chenji nyingine iko wapi? Akazima pikipiki, akalishika gunia langu sikio, akasema mbele ya wapangaji wote: "Mama, kama huna pesa, si ungetembea?"

Ningetembea! Na gunia la omena kichwani kutoka Kibuye, nifike Krismasi! Mama mkwe alikuwa mlangoni anachambua mboga, akaacha kuchambua. Wapangaji wakafungua madirisha ambayo tangu wahamie hayajafunguliwa. Aibu ikanishika, nikamwachia pesa zangu. "Si ungetembea." Mtu kama huyu unamalizana naye vipi bila kupigana? Maana ngumi ilikuwa njiani.

kijana_otonglo: Kibuye hadi Mamboleo ni mia. Ulipunjwa hata kabla ya kupanda.

mama_gorogoro: Sikuuliza bei! Nimeuliza juu ya mtu aliyeniambia ningetembea!

jamaa_nyalenda: Siku nyingine mtumie kwa M-Pesa. Akiondoka tu, ile meseji isukume kwa 456, pesa irudi. Dawa yao ni hiyo.

steji_miaka_tisa: Wewe, usimfundishe mama wa watu hivyo. 456 ni ya aliyekosea namba. Umebebwa, umelipa, kisha unazirudisha? Hapo mwizi ni wewe, na namba yako anayo.

Mama, pole. Nimeendesha boda Kondele miaka tisa, na pesa za steji nilizishika mimi. Kilichokuponza ni ile noti. Mia tano ikishaingia mkononi mwake, wewe ndiye unayeomba. Ukifika, shuka, fungua mipira, gunia liingie ndani ya lango, ndipo utoe pesa kamili. Kama huna kamili, mtumie 150 kwa simu na useme kwa sauti, "Nimetuma mia na hamsini tuliyosikizana Kibuye." Kisha nyamaza. Akipiga kelele, muulize swali moja tu: "Tulisikizana ngapi?" Wengi hawawezi kudanganya hapo huku unawatazama.

Kwa hii iliyokwisha kutokea, rudi steji aliyokubebea, kesho mapema kabla hawajatawanyika, umtafute mwenyekiti. Mpe namba ya pikipiki, saa, na kiasi. Matusi yaache nyumbani. Mwenyekiti atakusikiliza kwa sababu wanawake wa soko wakihama steji ile, wote wanalala njaa. Ila awe mwanachama. Hawa wa kuzungukazunguka hawana mwenyekiti.

Sasa nikuulize. Lango lako liko kando ya lami?

mama_gorogoro: Ni kuingia ndani kidogo.

steji_miaka_tisa: Kidogo kiasi gani?

mama_gorogoro: Unapita kanisa, unapanda ule mlima, halafu unavuka mtaro. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuniambia ningetembea?

boda_halali: Haya, ukweli umetoka! Mimi ni boda. Mteja anasema Mamboleo, mkifika Mamboleo ni "mbele kidogo", tena "mbele kidogo", unashtukia unaona Kiboswa. Jioni mwenye pikipiki anataka hesabu yake, hiyo mbele kidogo yako haijui.

steji_miaka_tisa: Basi angesimama lami inapoishia aseme, "Kutoka hapa ni hamsini zaidi, tuendelee?" Hapo mama angeweza kushuka. Kudai langoni huku umeshika gunia la mtu, hiyo si nauli. Mama, mbele ya mwenyekiti kubali hamsini ya mlima, udai mia yako irudi. Ukidai yote mtakesha.

mama_gorogoro: Hamsini simpi. Aje kwanza aombe msamaha mbele ya mama mkwe, pale pale alipoacha neno lake.

boda_halali: Mlima ni mlima, mama. Na gunia lile si mkoba.

nimechoka_tuktuk: Afadhali nyinyi wa boda. Jana tuktuk ya Kondele, tumejibana watatu nyuma, dereva akaongeza mwanamke na kuku wawili. Nikakalia nusu tako hadi mwisho, nauli ile ile!

kijana_otonglo: Kuku walilipa?

nimechoka_tuktuk: Hawakulipa, na ndio waliokaa vizuri.

mama_gorogoro: Jamani, uzi ni wangu. Aliniambia NINGETEMBEA.

mwalimu_maseno: Kuna makanga wa matatu ya Luanda ana shilingi ishirini yangu tangu Alhamisi. "Chenji utapata mbele, mwalimu." Mbele gani? Nilishuka, gari likaondoka, akanipungia mkono.

nimechoka_tuktuk: Yule mwenye kofia ya kijani? Mimi ana hamsini yangu!