Ekstensheni ya tangi la samaki: ibaki sakafuni au iende ukutani?

Dada wa Sakina: Habarini. Niko Arusha, na kwa baridi hii ya Juni hita siizimi. Tangi ni la lita 80, hita wati 100, pamoja na pampu ya hewa. Ekstensheni imelala sakafuni nyuma ya kabati. Jana nimekuta waya wa hita umelowa hadi chini na tone limesimama kwenye plagi. Niifunike kwa boksi la plastiki palepale, au niifunge ukutani?

Mzee wa Perege: Boksi linatosha, dada. Mimi nalitumia mwaka wa tatu. Na sakiti breka ipo, hitilafu ikitokea itajikata.

Fundi Njiro: Mzee wangu, boksi linazuia maji ya kurukia, hapo uko sawa. Ila tone la dada halikuruka, limetambaa na waya. Ekstensheni ikiwa sakafuni waya wote unateremkia kwake, kwa hiyo tone litapenya hata ndani ya boksi. Na sakiti breka hukata umeme ukizidi ampea zake. Mtu anaweza kufa kwa umeme mdogo mno kuliko huo. Kinachohisi umeme unaovuja ni RCD, ile iliyoandikwa 30 mA na yenye kitufe cha kujaribia.

Dada, plagi iliyolowa usiishike. Zima maini swichi kwanza, kisha chomoa na ukaushe. Halafu funga ekstensheni pembeni ya tangi, isiwe juu yake. Kila waya ushuke chini ya soketi kama sentimita 15, ufanye tumbo, ndipo upande kwenye plagi. Kabla ya kuchomeka, dondoshea waya maji kidogo karibu na tangi uyaangalie: yakifika tumboni yaangukie sakafuni.

Mama Moshi: Mimi maji yalipitia kwenye mpira wa pampu! Umeme ulikatika usiku, asubuhi pampu imejaa maji na zulia limelowa.

Fundi Njiro: Pole, mama. Hayo yako ndani ya mpira, tumbo la waya haliyazuii. Pampu ikikaa chini ya usawa wa maji, ikizima tu maji yanarudi. Ipandishe juu ya usawa huo, au weka valvu ya njia moja, mshale uelekee tangini. Puliza kwanza: upande mmoja hewa ipite, wa pili igome.

Dada wa Sakina: Asante, fundi. Mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Naweza kuipigia skurubu kwenye ubavu wa kabati, juu?

Fundi Njiro: Inafaa, mradi tumbo lipate nafasi ya kuning'inia. Na ukibadilisha maji, chomoa hita dakika 15 kabla. Ikibaki hewani na moto wake, kioo hupasuka.

Mzee wa Perege: Na hiyo RCD ikijikata usiku wa manane, samaki wapigwe baridi mpaka asubuhi?

Fundi Njiro: Hilo linawezekana, mzee, silikatai. Lakini ikijikata ujue kuna kinachovuja, mara nyingi hita yenye ufa. Mimi nitachagua samaki wapate baridi kuliko mtoto atumbukize mkono humo.

Mzee wa Perege: Kwa mtoto nakubali. Kwangu hakuna mtoto, bado nafikiria.