Tupeane uzoefu: sufuria yako inakula mafuta kiasi gani ukikaanga ya kuzamisha?

MamaVitafunwa: Wadau, Ijumaa nina oda ya maandazi 60. Sufuria yangu ni ya chini bapa, upana sentimita 24, kina 12. Mara ya mwisho nilimimina kidumu kizima cha lita 3. Maandazi yaliisha, mafuta yakabaki tele lakini yameshachafuka na unga. Nyie mnakadiriaje?

Mpemba_wa_Buguruni: Pilau ya kilo mbili mimi natia robo lita ya kukaangia vitunguu, inatosha kabisa.

MamaVitafunwa: Ahsante kaka, ila hapa ni maandazi, yanaelea.

FundiRula: Kanuni ni moja tu, nusu sufuria. Ukipungukiwa mafuta yanapoa kila ukitia donge, na maandazi yanayanywa. Mimi najaza nusu, iwe kuku, iwe chipsi, iwe maandazi.

ShangaziKarai: Mwanangu Rula, la kupoa umesema kweli, lakini nusu isiwe kanuni ya kila kitu. Nimekaanga miaka mingi, nami hesabu yangu naianzia kwenye sentimita moja. Sufuria ya upana wa 24, kila sentimita moja ya kina ni karibu nusu lita, pungufu kidogo. Ya 20 ni kama theluthi ya lita. Ya 28 inapita kidogo nusu lita. Ukishajua hapo, jiulize unakaanga nini. Andazi linaelea na unaligeuza, kwa hiyo lisiguse chini tu. Sentimita 4 zinatosha, yaani lita 1.8 kwa sufuria ya mama hapo juu. Nusu sufuria ya Rula ni lita 2.7, hiyo inayozidi ni kuchafua mafuta bure.

Sasa kwenye kuku ndipo nusu inapoanza kutisha. Mafuta ya sentimita 6, ukitumbukiza kilo nzima ya vipande yanapanda sentimita 2 na zaidi. Tena mafuta ya moto yanavimba, kama moja ya kumi juu ya yale uliyomimina baridi. Umeshakaribia sentimita 9 kwenye sufuria ya 12, na povu bado halijaanza. Kuku gawa mara tatu au nne, usimwage wote.

Chipsi_Dume: Povu shangazi usiseme. Nilikuwa nimejaza theluthi mbili, viazi nimeviosha nikavitia vikichuruzika maji. Yalipanda kama maziwa yanayochemka, yakamwagikia mkaa, moto ukaruka mpaka usawa wa kifua. Jirani alikuja na ndoo ya maji, nikamzuia kwa kelele, nikafunika kwa sinia. Nyusi zilirudi baada ya mwezi. Siku hizi viazi navikausha kwa kitambaa na mafuta hayavuki nusu hata mteja apige kelele.

Mpima_Maji: Kwa asiyependa hesabu: chukua chupa ya nusu lita, mimina maji kwenye sufuria huku rula imesimama ndani mpaka kina unachotaka, hesabu chupa. Mwaga, futa, ipashe kidogo motoni ikauke kabisa kabla ya mafuta, maana tone likibaki chini litarusha. Mimi nimekwaruza alama kwa msumari upande wa nje wa sufuria, sipimi tena. Na angalieni dukani: kilo ya mafuta si lita. Lita moja ina uzito wa gramu 900 na ushee.

ShangaziKarai: Hapo umenena. Na mwenye karai asitumie hesabu yangu ya sufuria. Karai la mviringo, duara la mafuta likiwa 24 na katikati kina cha 5, ni lita 1.2 tu. Sufuria bapa kwa kina hicho hicho ingetaka lita 2 na robo. Ndiyo maana wauza bagia hawaliachi. Tatizo ni pembeni, kina ni kidogo, kitu kikubwa kinalalia chuma na kuungua.

FundiRula: Nimekubali kwa maandazi. Kwa kuku bado nabaki na nusu, nitapunguza vipande.

MamaVitafunwa: Nimerudi. Nilianza na lita 1 na nusu, nikijifanya mjanja kuliko shangazi. Kama 40 yalitoka vizuri, kisha yakaanza kugusa chini, upande mmoja unapata doa jeusi. Nikaongeza nusu lita, nikangoja yapate moto tena, 20 ya mwisho yakawa sawa. Yaliyobaki nimeyapima yakiwa yamepoa na kuchujwa: lita 1.6. Kwa hiyo 60 yamekunywa kama 0.4. Nataka kujua kwa wengine, unga wenu na mayai unakunywa zaidi au pungufu? Wangu hauna yai.

Chipsi_Dume: Wenye mayai nadhani unakunywa zaidi.

ShangaziKarai: Kwangu sijaona tofauti. Donge laini lenye maji mengi ndilo linalonywa.