Nilichora picha ya kuposti Instagram, jana nimeikuta kwenye pakiti ya unga dukani. Wachoraji na wateja njooni tuongee

Mchoraji_Tabata

Wakuu nina hasira hapa nilipo mikono inatetemeka. Jana jioni nimeenda dukani kununua sukari, nainua macho kwenye shelfu nakutana na picha yangu. Ya kwangu kabisa, mama amesimama na mtoto mgongoni, bibi pembeni ameshika bakuli, kitenge nilichokichora ua moja moja usiku mzima, imebandikwa kwenye pakiti ya unga wa lishe ya kilo moja. Saini yangu ilikuwa chini kulia, wameikata.

Sasa nianze mwanzo. Mwezi wa tatu kanicheki jamaa wa hiyo kampuni, sitaji jina. Brifu yenyewe ilikuwa voisi noti ya sekunde arobaini, "dada tunataka mama na mtoto, simpo tu, ya kuposti Instagram". Nikamuuliza watu wangapi, akasema wawili, kifua kwenda juu, nyuma rangi moja. Kwangu mimi picha ya hivyo ni elfu 80. Akalipa nusu, nikaanza.

Nikamtumia rafu tatu za penseli, kila moja mkao tofauti. Akachagua ya pili, akajibu "safi sana endelea". Nikapiga laini, nikamtumia, dole gumba. Nikaweka rangi, vivuli, kitenge, siku mbili nzima. Namtumia iliyokamilika ndio ananiambia bosi kaiona leo kwa mara ya kwanza, anataka mama awe amesimama, mtoto mgongoni, bibi pembeni ameshika bakuli, na nyuma paonekane nyumba na migomba. Jamani mama akisimama hakuna unachookoa pale, kitenge kinakunjika kivingine, mwanga unaangukia sehemu nyingine, mikono yote upya. Ile ni picha mpya. Nikamwambia bei inabadilika akasema "dada tusaidiane, kazi zipo nyingi zinakuja", akaniongezea elfu 20. Nikachora, maana nilikuwa na kodi ya chumba.

Nikamtumia faili ya Instagram, 1080 kwa 1350. Na hiyo hiyo ndio wameichapa! Najua kwa sababu pakiti ina upana wa kama sentimita 16, na pikseli 1080 ukizichapa vizuri zinakupa sentimita 9 tu, kwa hiyo wameivuta, ukisogeza jicho unaona kingo za nyusi za bibi zina ngazi ngazi. Yani hata kuniomba faili kubwa waliona wataulizwa ni ya nini.

Laki moja nimelipwa. Unga unauzwa mji mzima kwa uso niliouchora mimi. Nifanyeje?

SimbaMtoto88

Pole sana dada. Hakimiliki ni ya aliyechora, mahali popote, haijalishi nani kalipa. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kesho asubuhi ukawashitaki.

Wanjiku_wa_Penseli

@SimbaMtoto88 hapo kwa "mahali popote" umepotea kaka. Huku kwetu Kenya sheria ya hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, kazi ukiagizwa na mtu inahesabika imehamia kwa aliyeagiza, labda muwe mmekubaliana vingine. Mimi nilichorea hoteli moja Mombasa kuta na menyu, hatukuandika kitu, mwaka uliofuata nikaona michoro yangu kwa vikombe na mikoba inauzwa pale mapokezi. Wakili alinisomea hicho kifungu nikanyamaza. Tangu siku hiyo kotesheni yangu mstari wa kwanza unasema nauza ruhusa ya matumizi fulani, hakimiliki inabaki kwangu. Sijui ya kwenu Bongo inasemaje, soma kabla hujapiga kelele.

SimbaMtoto88

Sawa dada, nilikuwa naongelea Tanzania. Huku nako kuna sheria ya hakimiliki ya 1999.

Mama_Biashara_Tegeta

Samahanini mimi niko upande wa wateja. Nina kiwanda kidogo cha achari, nimelipia lebo yangu kuchorwa. Fundi akinishonea gauni haniulizi nalivaa harusini au sokoni. Sasa picha niliyolipa kwa nini nipangiwe pa kuiweka?

Mchoraji_Tabata

Mama gauni ni moja, likichakaa unarudi kwa fundi. Picha ikishatoka inachapwa pakiti elfu kumi na mimi sirudiwi tena. Na wewe ukiniambia ni lebo toka mwanzo nakupa bei ya lebo, na faili ya kuchapa, na hatugombani. Huyu aliniambia Instagram.

Mama_Biashara_Tegeta

Hapo nimekuelewa kidogo. Ila semeni mapema, sisi hatujui kama kuna bei mbili.

Mzee_wa_Wino

Binti yangu nimechora vitabu vya watoto miaka mingi, nikwambie bila kukuficha, huyo jamaa kakudhulumu ila mlango uliuacha wazi wewe. Rafu ukiituma usiulize "unaionaje". Andika pale pale chini, hii ni hatua ya mkao na idadi ya watu, ukikubali haibadiliki, ukibadilisha baada ya hapa ni nusu ya bei. Kwenye laini andika hapa tunakubaliana sura na nguo. Kwenye rangi kinachobadilika ni rangi tu. Na uliza mapema nani mwenye neno la mwisho, kama ni bosi basi rafu aione bosi. "Safi endelea" ya mtu wa kati haina uzito, mimi imenila mara nyingi.

Ya pili bei. Kwa kawaida yako, ile picha ya mwisho ingekuwa ngapi?

Mchoraji_Tabata

80 ya msingi, bibi 40, mwili mzima 40, nyumba na migomba 40. Laki mbili. Hiyo ni ya mitandao kwa miezi mitatu. Pakiti kwa mwaka mmoja huwa nazidisha mara tatu.

Mzee_wa_Wino

Basi laki sita, toa laki uliyopokea, unawadai laki tano. Usianze na kuwaambia watoe pakiti, hasara ya kuchapa upya itawafanya wagome. Watumie invoisi ya ruhusa ya pakiti mwaka mmoja, na picha ya pakiti. Ile voisi noti aliyosema Instagram usiifute, ihamishie mahali pengine leo hii, simu huibiwa.

Wanjiku_wa_Penseli

Mzee mimi naona mara tatu ni kidogo, pakiti ndio bidhaa yenyewe. Mimi ningesema mara tano.

Mzee_wa_Wino

Kwa kampuni kubwa sawa. Kwa unga wa mtaani hawatalipa hata senti, utabaki na hesabu nzuri kwenye karatasi.

kijana_wa_potreti

Wakuu, mimi nachora potreti za penseli A3, mteja ananiambia elfu 15 na fremu juu yangu, nikubali?

Mchoraji_Tabata

Mdogo wangu hapana, fremu peke yake inakaribia hiyo. Fungua uzi wako tukusaidie.

Mrejesho: nimetuma invoisi ya laki tano saa nne asubuhi. Jamaa kasoma. Saa nane kajibu, hajagusia hela kabisa, anaomba faili yenye leya zote kwa sababu wanataka kutoa pakiti ya nusu kilo na bibi atolewe. Sijamjibu. Mzee ukiingia naomba uniambie, hiyo nayo niiwekee bei kwenye invoisi ile ile au niigomee mpaka laki tano iingie kwanza?