Nimechoka kubeba mtu kwenye kazi ya grupu

Wakuu, nina hasira kweli. Tuko watano, mwaka wa pili, tunafanya utafiti mdogo wa mama lishe wa jirani na chuo. Kila mmoja ahoji kumi, ajaze majibu kwenye jedwali, aandike sehemu yake. Wanne tumemaliza. Wa tano ametuachia safu kumi tupu.

Jumamosi saa 3 usiku niliuliza kwenye grupu la WhatsApp, "Nani bado?" Watatu wakajibu hapo hapo. Yeye kimya. Jumapili saa 11 jioni ndio anaibuka: "Sorini jamani, bando liliisha juzi, ndo naona sasa." Nikabonyeza ujumbe wangu, nikaushikilia, nikagusa Info. Jina lake liko kwa waliosoma, saa 3:04 usiku ule ule wa Jumamosi. Bando lililoisha Ijumaa limefunguaje ujumbe wa Jumamosi?

Nikapandisha juu wiki tatu zote. Ana jumbe tisa tu. "Poa" tatu, dole gumba mbili, udhuru nne: umeme, homa, msiba, bando. Siku ya msiba tulimchangia na sehemu yake ya utangulizi nikaiandika mimi, sina kinyongo na hilo. Lakini hizo nyingine zote zimekuja siku ya kukabidhi, hakuna hata moja iliyokuja kabla.

Jibu la 1: Akizima tiki za bluu humpati tena, mkuu.

Jibu la 2: Hiyo ni kwa mazungumzo ya watu wawili. Kwenye grupu hata azime, Info inaonyesha. Ila mleta uzi, usihesabu jumbe. Nimesimamia semina miaka kadhaa, nimeona mtu ana jumbe tano na kazi yote kaifanya yeye, na msemaji wa grupu hana hata aya moja. Tafuta kila alipoandika "nitaleta" tarehe fulani, halafu angalia faili lilikuja lini. Hapo ndipo mhadhiri atakusikiliza, na umpelekee kabla ya kukusanya. Alama zikishatoka utaonekana una chuki tu.

Jibu la 3: Mimi niliwahi kusemwa hivyo hivyo. Simu tulikuwa tunatumia mimi na dada yangu, yeye anafungua, mimi naonekana nimesoma. Hakuna aliyenipigia kuniuliza.

Jibu la 4: Mama lishe wa chuo gani? Wali maharage sasa hivi bei gani?

Mleta uzi: Jibu la 3, umenigusa, maana kweli sijampigia, nimekuwa nikiandika tu. Nimempigia sasa hivi mara mbili, inaita haipokelewi. Jibu la 2, ahadi nimezipata tatu, na chini ya zote hakuna faili. Tunakusanya kesho saa 6 mchana. Jina lake liko kwenye jalada, la pili kutoka juu, na wenzangu wawili wanasema tuliache. Mimi sijakubali.