Mbu wenye Wolbakia: waachiwe Kyela au wasiachiwe?

Mkulima wa kokoa, Kyela: Huku kwetu malaria imetuzidi. Nasikia nchi nyingine wanaachia mbu waliotiwa bakteria aitwaye Wolbakia na ugonjwa unapungua. Kwa nini sisi tusiletewe? Au kuna hatari?

Muuguzi mstaafu, Tukuyu: Mimi napinga. Wolbakia ndiyo iliyomo kwenye minyoo ya usubi. Tumemeza dawa miaka na miaka ili tuepukane na upofu wa mtoni, halafu leo turudishiwe kwa mlango wa nyuma?

Fundi wa maabara ya wadudu, Mbeya mjini: Shikamoo mama. Ni kweli minyoo ile ina Wolbakia, na bila hiyo haizai. Lakini ile ni ya minyoo, na bakteria huyu hawezi kuishi nje ya seli. Mbu anamrithi kwa mama yake kupitia yai, hamwachi kwa mtu anapomuuma. Mbu wa chooni anayetupigia kelele usiku anayo kwa asili. Ndani ya mbu wa jamii hiyo ndimo ilimoonekana mara ya kwanza, mwaka 1924. Kwa hiyo tumeumwa na mbu wenye Wolbakia tangu utotoni.

Ndugu yangu wa kokoa, tatizo liko kwingine. Mbu waliofanikiwa ni wale wa mchana, wenye madoa meupe miguuni, wanaoeneza dengi na chikungunya. Hao kwa asili hawana Wolbakia. Ilitolewa kwa nzi wa matunda ikadungwa kwenye mayai yao, na virusi vikashindwa kustawi ndani yao. Kwa mbu wa malaria wa kwetu, bado hajapatikana ukoo unaodumu nayo. Akija mtu kukuahidi kwamba Wolbakia itaondoa malaria Kyela, usimwamini.

Mama wa nyumbani, Ipinda: Basi mimi naitaka hiyo hiyo. Mwanangu alipata homa, viungo vikamuuma hata kushika kikombe hawezi. Kipimo cha malaria kikasema hana, lakini akapewa dawa ya malaria mara mbili. Wiki tatu alikuwa anatembea kwa kushika ukuta.

Fundi wa maabara: Pole sana dada. Siwezi kusema kwa hakika alikuwa na nini, ila viungo kuuma namna hiyo kunafanana na chikungunya. Jina lenyewe ni la Kimakonde, kwa vile mgonjwa hujikunja. Alistahili kupimwa damu kwa virusi.

Mwalimu, Iringa: Sisi kwenye baridi hii hatuna shida sana, lakini nauliza: unapunguzaje mbu kwa kuongeza mbu?

Fundi wa maabara: Swali zuri, mwalimu. Chukua majike 20 mtaani, 10 wanayo na 10 hawana, na madume nao nusu kwa nusu. Jike asiyenayo akipandwa na dume anayenayo, mayai yake hayaanguliwi. Basi katika wale 10, mayai ya 5 yanaharibika. Jike anayenayo mayai yake yanaanguliwa kwa dume yeyote, na watoto wote wanarithi. Kizazi kinachofuata hesabu ni 10 kwa 5. Kinachofuata tena, wasionayo wanazidi kupungua. Mbu hawamaliziki, wanageuka ukoo.

Yogyakarta kule Indonesia waligawa mji maeneo 24, nusu wakayawekea ndoo zenye mayai ya mbu hao. Matokeo yalitoka 2021: dengi ilipungua kwa asilimia 77.

Singapuri wao huachia madume tu. Dume hang'ati, na mbu wenyewe wanapungua, ila ukiacha kuachia wanarudi.

Muuguzi mstaafu: Marahaba mwanangu. Kuhusu minyoo nimekuelewa. Lakini Kyela si Indonesia. Joto la ufukweni kule Matema unalijua?

Fundi wa maabara: Hapo umegusa penyewe, mama. Ile ya nzi wa matunda haipendi joto. Viluwiluwi wakikulia kwenye kopo linalochemka juani, bakteria hupungua na baadhi ya watoto hawarithi. Malesia walitumia aina nyingine inayostahimili. Na walioachiwa wakiwa wachache mno, ile hesabu niliyompa mwalimu inakwenda kinyume: walionayo ndio wanaopotea. Utajua kwa kuwatega kila baada ya miezi kadhaa na kuwapima vinasaba.

Mwalimu, Iringa: Na asiyekubali je? Mbu hajui mpaka wa kiwanja. Kitongoji kizima kikubali, au kura ya wengi inatosha?

Muuguzi mstaafu: Kwangu wengi hawatoshi. Mwenye mtoto mchanga akikataa, asikilizwe.

Mama wa nyumbani, Ipinda: Na mimi mwenye mtoto aliyeshika ukuta, nani atanisikiliza?

Fundi wa maabara: Hilo mimi siwezi kuwaamulia. Ninachojua, kabla ya yote tuhakikishe mbu wa mchana wako wangapi huko. Chukua kopo jeusi, tia maji nusu, ning'iniza kitambaa ndani kiguse maji, weka kivulini. Baada ya siku 5 toa kitambaa uangalie mayai. Usiliache zaidi ya wiki, litakuwa zalio.

Mkulima wa kokoa, Kyela: Makopo ninayo. Kitambaa cheusi au cheupe?

Fundi wa maabara: Cheupe. Mayai ni meusi, madogo kama punje za baruti.